Shosho Asome Simu Yake Mwenyewe

Tunataka miwani ya kusomea ipimwe na kuuzwa sokoni, mezani pa mhudumu wa afya ya jamii, kwa bei ambayo mama wa gorogoro anaweza kulipa bila kuomba mkopo. Tunazungumzia ile miwani rahisi yenye nguvu moja kwa macho yote mawili, iliyokwisha kutengenezwa, ya kuchukua na kuvaa. Hoja hii ikizungumzwa hivi hivi tu huwa baridi, kwa hiyo tumetunga kisa. Mhusika wake hana jina na hatumfichi mtu yeyote. Lakini soko, kipimo na lenzi ni vya kweli.

Ni shosho wa miaka 67. Anaishi Makina, Kibera, na kibanda chake kiko Toi. Anauza nafaka kavu: maharagwe, ndengu, njahi na omena kidogo pembeni. Alianza kusogeza karatasi mbali na uso alipokuwa na miaka arobaini na kitu, akacheka kama wengine wanavyocheka. Akaisogeza zaidi mwaka uliofuata. Kufikia miaka 55 mkono ulikuwa umekwisha urefu, na herufi bado zilikuwa ukungu.

Hakulalamika kwa mtu. Alibadilisha namna ya kufanya kazi, kidogo kidogo, hata yeye mwenyewe hakutambua amebadilisha mangapi. Daftari la madeni aliliandika kwa herufi kubwa, halafu kubwa zaidi, mpaka ukurasa mmoja ukawa unatosha wadeni wanne tu. Ndengu alizichambua kwa vidole, akitafuta vijiwe kwa kugusa. Maharagwe aliyanusa. Vidonge vyake vya presha alivitambua kwa rangi ya pakiti, na duka la dawa lilipobadilisha kampuni, siku mbili hakumeza chochote kwa kuogopa kukosea.

Gumu zaidi lilikuwa simu. Mteja akisema, "Shosho, nimetuma," yeye alisikia mlio, akaona kioo kinawaka, na basi. Ujumbe wa M-Pesa una kiasi, jina la aliyetuma, saa, salio na ile nambari ya muamala ya tarakimu na herufi zilizobanana, na vyote hivyo vimeandikwa kwa maandishi yasiyofika hata nusu ya ukucha. Matapeli wanajua hilo. Hutuma ujumbe wa kawaida ulioandikwa kama wa M-Pesa, simu inalia vilevile, na tofauti ipo juu kabisa: ujumbe halisi unatoka kwa jina MPESA, wa bandia unatoka kwa nambari ya mtu. Asiyeona mstari ule wa juu hana kinga.

Shosho wetu hakutapeliwa. Aliogopa kutapeliwa, na hofu ile ilimgharimu labda zaidi. Aliacha kupokea M-Pesa kutoka kwa mtu asiyemjua. Mteja mgeni akija na simu mkononi bila noti mfukoni, alielekezwa kibanda cha pili. Hasara ya namna hii haiingii kwenye daftari la mtu yeyote, maana anayeondoka hasemi kwa nini ameondoka.

Kwa wale aliowajua, alimwita kijana wa kibanda jirani, anayeuza viatu vya mitumba. Kijana alimsomea ujumbe. Baadaye akawa anamtolea pesa kwa wakala. Baadaye tena, kwa kuwa shosho hakuona vizuri anabonyeza nini, akampa nambari ya siri. Hapo ndipo panapotukera sisi. Mwanamke aliyelea watoto watano kwa gorogoro ya maharagwe alifika mahali ambapo kijana wa jirani alijua ana shilingi ngapi, anadaiwa na nani, na binti yake alimtumia nini mwisho wa mwezi, kabla yeye hajajua.

Tuseme sababu ya haya yote, kwa sababu wengi wanadhani ni ugonjwa au ni kusoma sana. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi laini. Kijana akitaka kuona kitu cha karibu, msuli mdogo unaizunguka lenzi hiyo na kuiwezesha kunenepa, na picha inakaa sawa. Lenzi hukakamaa tangu utotoni, pole pole. Kwenye miaka 40 na kidogo inakuwa ngumu kiasi kwamba msuli unafanya kazi lakini lenzi haitii vya kutosha. Kufikia miaka 60 hivi imekwisha kukakamaa, na kutoka hapo mahitaji ya mtu hayabadiliki sana. Humpata aliyesoma na asiyesoma. Kuona mbali kunaweza kubaki kuzuri kabisa, ndiyo maana shosho anamtambua mjukuu wake akiwa ng'ambo ya barabara lakini hajui tarehe iliyo kwenye pakiti ya unga. Na miwani haiharibu macho wala haiyazoeshi uvivu. Lenzi ya jicho ingekakamaa hivyo hivyo hata miwani isingevaliwa.

Bintiye anaishi Gatina, Kawangware. Ndiye aliyesikia kwamba kuna upimaji wa macho katika uwanja wa kanisa Jumamosi, akampigia mama yake simu, na mama akasema hana nafasi, Jumamosi ni siku ya soko. Walibishana. Mwishowe shosho alifunga kibanda mapema, akapanda gari Adams, akabadilisha Dagoretti Corner, na kufika Kawangware akiwa amenuna.

Kilichofuata kilichukua muda mfupi kuliko safari. Mpimaji alianza na kuona mbali, akamsimamisha mita sita kutoka kwenye chati ya herufi E zinazogeuka pande nne, akafunika jicho la kushoto, halafu la kulia. Aonyeshe kwa mkono tu miguu ya E inatazama wapi; hapo hakuna haja ya kujua kusoma. Hatua hii ndiyo ambayo wauzaji wa barabarani huiruka, nayo ndiyo inayomtenga mwenye tatizo la umri peke yake na mwenye ugonjwa. Shosho aliona vizuri kwa kila jicho. Kisha akapewa kadi ndogo yenye uzi uliofungwa pembeni. Uzi una urefu wa sentimita 40. Ncha moja iko kwenye kadi, nyingine inashikwa karibu na jicho, ili mtu asianze kuisogeza kadi kwa ujanja.

"Hapa unaona, shosho?"

"Naona karatasi."

"Herufi je?"

"Kuna herufi?"

Akapewa lenzi ya +1.50. Mistari ya juu ikajitokeza. Akapewa +2.00, ikashuka mistari miwili zaidi. Kwa +2.50 alisoma mpaka mstari wa chini, akanyamaza kidogo, kisha akaomba aongezewe. Mpimaji akamjaribishia +3.00. Herufi zikawa kubwa zaidi, shosho akafurahi, akasema hiyo hiyo.

Mpimaji alikataa. Kila anayepima miwani sokoni anapaswa kujua kwa nini.

Nguvu ya lenzi na umbali wa kuonea vinakwenda pamoja, na hesabu yake ni ya darasa la tano: chukua 100, gawanya kwa nguvu ya lenzi, unapata sentimita kwa ukadirifu. Kwa mtu wa miaka 67, ambaye jicho lake haliwezi tena kujirekebisha lenyewe, lenzi ya +2.00 inaona vizuri zaidi kwenye sentimita 50. Ya +2.50 ni sentimita 40. Ya +3.00 ni sentimita 33, yaani pua inaanza kukaribia kazi. Lenzi kali hufanya herufi zionekane kubwa mezani pa mpimaji, halafu mtu akifika kazini anainama siku nzima, shingo inauma, kichwa kinauma, na baada ya wiki miwani inalala kwenye droo. Wanaosema "miwani ilinishinda" wengi walipewa nguvu iliyozidi. Kanuni ni kuchagua lenzi dhaifu kabisa inayotosha kwa kazi ya mtu.

Kwa hiyo mpimaji akauliza swali la maana kuliko yote: "Kazi yako unaifanya wapi? Nionyeshe mikono." Shosho akakaa, akapakata ungo wa kuwaziwa, akaanza kuchambua ndengu zisizokuwepo. Kutoka machoni hadi mapajani ilikuwa kama sentimita 55. Simu aliishika karibu na 40. Ikabidi achague: +2.00 impe ungo, au +2.50 impe simu. Alifikiria kama mtu anayepanga bei. Akachukua +2.50, akasema ungo ataupandisha. Kesho yake alipindua debe kibandani, akaweka ungo juu yake, na ndengu zikaja zenyewe kwenye sentimita 40.

Alilipa shilingi 200. Bei hiyo tumeitunga pamoja na kisa, ila ndiyo bei tunayoitaka, na tutairudia.

Alipewa onyo moja kabla ya kuondoka: asitembee nayo. Ukitazama mbali kupitia lenzi ya +2.50, barabara inakuwa ukungu na kidato kinaonekana pasipo pake. Mtu anayeshuka vichochoro vya Makina, mtaro huku na ngazi ya mawe kule, akiwa na miwani ya kusomea usoni, anatafuta kuvunjika nyonga. Alichukua fremu nyembamba ya nusu, ile unayochungulia juu yake ukitaka kumwona mteja. Akanunua na kamba ya shingoni. Kamba si urembo. Miwani isiyo na kamba huishia kwenye gunia la njahi.

Nyumbani usiku ule alifungua ujumbe wa simu na kusoma. Alisoma mmoja mmoja kutoka juu, kwa sauti, kama mtoto wa shule, miezi mingi ya ujumbe ambao haujafutwa. Aliona pesa alizopokea na kusahau kuzipokea. Aliona kwamba anadaiwa Fuliza, deni dogo lililokuwa likikatwa kila pesa ilipoingia na kukopwa tena kila salio lilipopungua. Hakuwahi kujua kwamba amekopa. Akafuata hesabu za kijana wa viatu, muamala kwa muamala, akilinganisha na daftari lake la herufi kubwa.

Zilikuwa sawa. Kijana hakuwa ameiba hata shilingi.

Asubuhi shosho alibadilisha nambari ya siri. Kijana aligundua alipokwenda kumtolea pesa, akarudi uso umemshuka. "Shosho, nimekukosea nini?" Shosho akamwambia hajamkosea kitu, akampa kilo moja ya ndengu, na nambari mpya hakumpa. Tunampongeza kwa yote mawili. Watu hudhani kuomba faragha ni kumshuku mtu. Yeye alitaka tu kuwa wa kwanza kujua habari zake.

Si yote aliyoyaona yalimfurahisha. Kwenye gunia la maharagwe, alilokuwa akiuza kwa wiki nzima, aliona vitundu vya fukusi, na vumbi lake, na punje zenye madoa ya kijani kibichi. Aliweka pembeni zaidi ya gorogoro moja. Zenye ukungu hakuziuza kwa bei ya chini wala hakuzipika, maana ukungu wa nafaka unaweza kuwa na sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Akakumbuka mteja mmoja wa miaka mingi aliyeacha kuja bila kusema. Hatuwezi kusema aliacha kwa sababu ya fukusi, ila shosho alikuwa na hakika.

Habari zikazunguka Toi. Fundi cherehani mmoja, mzee wa miaka 70 na ushee, akamcheka. Yeye, alisema, alivaa miwani miaka kumi, na sasa macho yake yamerudi ujana: anatia uzi kwenye sindano bila kitu. Majirani walimshangilia. Shosho alikuwa amesikia jambo hili likitajwa kule kanisani, akamwuliza kama mabango ya barabarani bado anayasoma. Mzee akasita. Akasema jua siku hizi ni kali, linamwumiza, na taa za magari usiku zina miale.

Huo si ujana. Mtoto wa jicho anapoanza katikati ya lenzi, huifanya lenzi iongezeke nguvu, na mtu aliyekuwa akihitaji miwani ya karibu ghafla haihitaji tena. Wakati huohuo kuona mbali kunaharibika. Furaha hiyo hudumu miezi au mwaka mmoja au miwili, halafu ukungu unafunga pande zote. Hakuna miwani itakayouondoa. Dawa yake ni upasuaji wa kutoa lenzi iliyochafuka na kuweka ya bandia, upasuaji unaofanywa hapa karibu, Hospitali ya Macho ya Lions SightFirst kule Loresho na ile ya PCEA Kikuyu, miongoni mwa nyingine.

Ndiyo maana tunasisitiza kipimo kianze na kuona mbali. Mhudumu asiye daktari anaweza kufanya jaribio moja zaidi lisilogharimu kitu: kipande cha kadibodi kilichotobolewa kwa sindano nene. Mtu asiyeiona vizuri chati ya mbali aichungulie kupitia kitundu hicho, jicho moja moja. Akiona vizuri zaidi, mara nyingi tatizo ni jicho kulenga picha vibaya, na miwani ya aina fulani itamsaidia. Asipoona tofauti, au akiona vibaya zaidi, kuna kitu kingine ndani ya jicho, na muuza miwani hana kazi naye tena, aende hospitali. Vivyo hivyo jicho jekundu lenye maumivu, kuona kulikopotea kwa siku chache, vimulimuli, pazia linaloshuka upande mmoja, au mtu mwenye kisukari ambaye hajawahi kuchunguzwa nyuma ya jicho. Presha ya jicho nayo ina hila yake: hula kuona kwa pembeni huku herufi za kadi zikisomeka vizuri, kwa hiyo kusoma mstari wa mwisho si cheti cha macho mazima.

Miwani hii ina mipaka mingine pia. Kwa kuwa lenzi zake mbili ni za nguvu moja, haimfai mtu ambaye macho yake yanatofautiana sana, wala ambaye uso wa mbele wa jicho lake umepinda kiasi cha kuvuruga mistari. Huyo anahitaji miwani ya kupimiwa. Wengi wa umri wa shosho wasio na tatizo la kuona mbali wanafaa.

Tunajua jibu litakalotolewa na baadhi ya wataalamu: miwani ya barabarani ni takataka. Baadhi yake ni takataka kweli. Lakini uzuri ni kwamba lenzi haiwezi kudanganya mtu mwenye futi ya fundi. Simama ndani ya kibanda chenye kiza kidogo, mkabala na mlango unaotazama jengo la ng'ambo lenye mwanga. Shika lenzi moja mbele ya karatasi nyeupe, usogeze karatasi mpaka jengo lile lijichore juu yake, dogo, kichwa chini miguu juu, lakini kali. Pima kutoka lenzi hadi karatasi. Ukipata sentimita 40, ni +2.50. Ukipata 50, ni +2.00, hata kama kibandiko kinasema vingine. Fanya hivyo kwa lenzi ya pili, zisipolingana, irudishe. Kisha inyooshe mbele yako ukitazama mwimo wa mlango kupitia lenzi, uisogeze polepole kushoto na kulia. Mstari utahama, hilo ni kawaida. Ukipinda kama nyoka au ukirukaruka, lenzi imemwagwa vibaya, na kichwa kitauma. Jua lenyewe usilitumie kwa jaribio hili, kwa sababu lenzi hizi hukusanya joto na kuchoma karatasi, na macho pia.

Je, pesa zinaongezeka mtu akivaa miwani? Kuna majibu ya utafiti. Huko Assam, India, wachuma chai 751 wa miaka 40 na zaidi walipigiwa kura, nusu wakapewa miwani ya karibu mara moja na nusu wakasubiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha waliovaa walipita wenzao kwa zaidi ya asilimia 20 ya uzito wa chai waliyochuma. Vijijini Bangladesh, utafiti wa namna hiyo uliochapishwa mwaka 2024 ulikuta mapato ya kati ya waliopewa miwani yamezidi ya wenzao kwa takriban theluthi baada ya miezi minane. Hatutaki kuahidi Toi namba hizo. Mchuma chai analipwa kwa kilo na jani liko mbele ya macho yake. Muuza nafaka anategemea mvua ya Kitale, bei ya mafuta, na moto ambao Toi inaujua vizuri sana. Shosho wetu hakuwa tajiri. Alianza kupokea M-Pesa kwa wageni tena, akalipa Fuliza akaifunga, na ukurasa wa daftari ukarudi kubeba majina ishirini.

Ukubwa wa tatizo karibu nasi tunaujua kwa mfano wa Kongwa, Dodoma, ambako uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta takriban watu 6 kati ya 10 wa miaka 40 na zaidi wana tatizo hili, na wengi mno kati yao hawakuwa na miwani. Wanawake walihitaji lenzi kali zaidi kuliko wanaume. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba watu milioni 826 hawaoni karibu kwa kukosa miwani hii tu. Miwani ya kusomea ilianza kuvaliwa Italia mwishoni mwa karne ya 13. Miaka 700 imetosha kuifikisha Adams Arcade, kwenye maduka yenye vioo, na haijatosha kuvuka barabara kuingia Toi ikiwa na kipimo chake.

Mwaka 2021 nchi wanachama wa shirika hilo, Kenya ikiwemo, zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 sehemu ya watu wanaohitaji miwani na kuipata ipande kwa pointi 40 za asilimia. Na mnamo Septemba 2023 Rais William Ruto aliwazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, kila mmoja na mkoba wake wenye mashine ya presha, kipima sukari, kipimajoto na mizani. Watu hawa wanajulikana kwa majina vichochoroni Kibera na Kawangware. Wanapima presha ya shosho mlangoni pake. Kadi yenye uzi wa sentimita 40, chati ya E, kadibodi yenye kitundu na boksi la miwani kuanzia +1.00 hadi +3.00 havizidi uzito wa mizani ile.

Tunaiomba Wizara ya Afya iwafundishe kazi hii, mafunzo ambayo si ya miezi, na iandike wazi mpaka wao: nani wanampa miwani na nani wanampeleka hospitali. Kaunti ya Nairobi inunue kwa wingi ili jozi moja isimzidie mnunuzi shilingi 200, na pesa zinazokusanywa zinunue boksi linalofuata, kwa sababu miwani ya bure huja mara moja na mfadhili na haiji tena lenzi zikikwaruzwa. Lenzi za plastiki hukwaruzwa haraka kwa vumbi la nafaka. Shosho anafaa kubadilisha jozi yake baada ya mwaka mmoja au miwili, na kujua atakayemuuzia anakaa wapi.

Kamati za masoko nazo zina kazi ndogo ambayo haihitaji Wizara. Toi, Kawangware na kwingineko, zitenge siku isiyo ya soko kubwa, asubuhi kabla wateja hawajajaa, mhudumu apewe meza. Jumamosi ya uwanja wa kanisa humfungia mfanyabiashara kibanda siku anayouza zaidi. Na futi ya fundi cherehani iwe hapo mezani, mnunuzi apime lenzi mwenyewe kabla ya kulipa.